Sifuri Mbili Zisizofanana

Kokwa ya embe hulala kiganjani mwa mtoto, na mwembe uliokomaa haukumbatiki kwa mikono ya mtu mmoja. Baina ya vitu hivyo viwili pana swali ambalo walimu wa sayansi wamekuwa wakiliuliza kwa sura mbalimbali kwa muda mrefu: sehemu kubwa ya maada kavu ya shina la mti, ile inayobaki baada ya maji yote kukaushwa, ilitoka wapi? Mwanafunzi hupewa mistari miwili ya kujibu. Mmoja huandika: «Ilitoka kwenye udongo, kwa sababu mizizi hunyonya chakula kutoka ardhini.» Mwenzake huandika: «Ilitoka kwenye maji, kwa sababu mti ukinyimwa maji haukui hata kama udongo una rutuba.» Msahihishaji hutazama mwongozo wake, huona kwamba jibu linalotakiwa ni hewa ya ukaa, na hupiga sifuri mbili. Sifuri hizo zikiisha kuingia katika daftari la alama hakuna mtu atakayeweza kuzitofautisha, hata yule aliyezipiga.

Swali linalozuka hapo linaonekana kuwa la ufundi wa kutahini, lakini kwa kweli ni la kimaadili. Je, mwalimu aliyesoma majibu hayo mawili na kuyafanya kitu kimoja amewatendea haki wanafunzi wake? Kwa upande mmoja amewatendea, kwani wote wawili wamekosea na wote wawili wamepata kile ambacho mwongozo uliwaahidi waliokosea. Hakupendelea wala hakuonea. Kwa upande mwingine, kila mmoja wao alimwambia mwalimu jambo, na jambo lenyewe halikusikika. Wa kwanza alisema kwamba anaamini mti hujengwa kwa udongo. Wa pili alikwisha kulikataa wazo hilo na alikuwa na sababu ya kulikataa. Somo linalomfaa wa kwanza halimfai wa pili.

Inafaa kutazama kwanza jinsi makosa hayo yanavyojengeka, kwa maana mtu akiyadhani kuwa ni ujinga mtupu hataona haja ya kuyahesabu kwa aina zake. Mwanafunzi anayesema «udongo» hakulitoa jibu lake hewani. Amemwona mzazi au jirani akitia samadi shambani na mahindi yakanenepa. Amesikia kwamba ardhi iliyolimwa miaka mingi bila kupumzishwa imechoka. Lugha yenyewe humsaidia kukosea, kwani mkulima husema bila kusita kwamba mmea unakula mbolea, na chakula, kwa akili ya kila siku, ni kile kinacholiwa kikageuka mwili. Mambo hayo yote ni ya kweli kwa namna yake. Mmea huhitaji naitrojeni, fosforasi, potasiamu na madini mengine kutoka udongoni, na ukiyakosa hudumaa. Kosa limo katika hatua moja tu, ya kudhani kwamba kitu kinachohitajika kwa lazima ndicho kinachotoa uzito mwingi. Mwanafalsafa Mfaransa Gaston Bachelard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938 kuhusu kuundwa kwa fikra ya kisayansi, alishikilia kwamba mtu hujifunza kwa kupambana na ujuzi alioutangulia kuwa nao. Kwa mtazamo huo akili ya mwanafunzi aliyekosea si chumba kitupu kinachosubiri samani. Chumba hicho kimekwisha kupangwa, na anayeingiza kitu kipya hana budi kujua kabati limesimama wapi.

Yule wa pili, wa maji, ana mtangulizi mashuhuri. Jan Baptist van Helmont, tabibu na mkemia wa Brussels, alipanda mche wa mti wenye uzito wa ratili 5 katika chombo chenye ratili 200 za udongo uliokaushwa kwanza. Kwa miaka mitano hakuutia kitu ila maji. Mwishoni mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na wakia chache, na udongo, ulipokaushwa tena na kupimwa, ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Akahitimisha kwamba ratili 164 za mbao, gome na mizizi zilitoka kwenye maji peke yake. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, miaka minne baada ya kufa kwake. Van Helmont alikuwa ameliangusha wazo la udongo kwa mizani, jambo ambalo wengi wa waliomtangulia hawakulifanya, na bado alifika kwenye jibu lisilo sahihi. Linaloshangaza zaidi ni kwamba neno «gesi» ni lake yeye. Alichoma ratili 62 za makaa ya mti wa mwaloni, akapata ratili moja ya majivu, na kusema kwamba zile 61 zilizobaki ziligeuka kuwa kitu hicho alichokipa jina. Kwa hiyo alijua kwamba makaa ya mti yanaweza kwenda hewani karibu yote, ila hakufikiri kwamba mti nao unaweza kuwa umetoka huko. Katika mtihani wa leo angepata sifuri, sawasawa na mtu ambaye hakupima kitu chochote.

Jibu lenyewe linaweza kuonyeshwa kwa hesabu fupi, na ni vema kulionyesha kwa sababu ndilo kipimo cha mengine yote. Usanisinuru kwa ufupisho wa kawaida huandikwa hivi:

```
6CO2 + 6H2O → C6H12O6 + 6O2
```

Katika gramu 180 za glukosi, gramu 72 ni kaboni, gramu 96 ni oksijeni na gramu 12 ni hidrojeni. Kaboni yote ilitoka kwenye hewa ya ukaa. Oksijeni iliyomo katika glukosi nayo ilitoka huko, kwa kuwa ile oksijeni inayotolewa nje ya jani hutokana na maji. Maji, basi, yalichangia zile gramu 12 za hidrojeni tu, yaani chini ya sehemu moja katika kumi. Mbao si glukosi, lakini hujengwa kwa malighafi hiyo, na karibu nusu ya maada yake kavu ni kaboni. Madini ya udongo ndiyo yanayobaki kama majivu kuni zinapoungua, na kila mpishi wa jiko la mafiga anajua jinsi majivu yalivyo machache yakilinganishwa na mzigo wa kuni uliokuja nao mtu kichwani.

Njia ya kusahihisha inayozitenganisha sifuri hizi si ndoto ya wanafalsafa. Ulipoandaliwa utafiti wa kimataifa wa hisabati na sayansi uitwao TIMSS, uliofanyika mwaka 1995 katika nchi zaidi ya arobaini, watafiti wa Norwe, ambao Svein Lie alikuwa miongoni mwao, walisaidia kuunda mfumo wa misimbo ya tarakimu mbili kwa majibu ya kuandika. Tarakimu ya kwanza husema jibu linastahili alama ngapi: 2 kwa alama mbili, 1 kwa alama moja, 7 kwa jibu lisilo sahihi. Tarakimu ya pili husema jibu ni la aina gani. Msimbo 79 huwekewa makosa mengine yasiyo na kundi, na 99 huwekewa nafasi iliyoachwa tupu. Uzuri wa mfumo huo ni kwamba haukumlazimisha mtu achague kati ya kutoa alama na kuelewa, kwani anayetaka alama husoma tarakimu ya kwanza akaishia hapo. Tena katika zile za saba hapana cheo. Jibu la 70 si bovu kuliko la 72, ni tofauti tu. Omani, waliko wasomaji wengi wa Kiswahili, iliingia katika utafiti huo kwa mara ya kwanza mwaka 2007, na kama ilivyo penginepo, kilichozungumzwa zaidi na watu ni nafasi ya nchi katika orodha. Tarakimu ya pili haina nafasi katika orodha za namna hiyo.

Kwa swali la mwembe orodha ya misimbo yaweza kuwa hivi. Msimbo 10 ni kwa anayesema kwamba hewa ya ukaa huingia jani na kaboni yake hugeuka kuwa sehemu ya mti. 11 ni kwa anayeitaja hewa ya ukaa bila maelezo. Kisha 70 ni udongo, mbolea au madini, 71 ni maji, na 72 ni jua au mwanga. Msimbo 73 ni kwa anayeandika «hewa» lakini akaeleza kwamba mti huvuta oksijeni ili upumue. Msimbo 74 ni kwa aliyeandika neno «usanisinuru» au «mti hujitengenezea chakula» bila kusema hicho chakula kimetengenezwa kwa nini. Mengine ni 79, na tupu ni 99.

Orodha ya namna hii haitungwi mezani kabla ya kusoma majibu. Anayeitunga kwa kubuni hupata makundi mazuri yasiyo na watu ndani yake, na watu wengi wasio na kundi. Kawaida ifaayo ni kusoma kwanza majibu thelathini au arobaini bila kalamu nyekundu, kuyapanga kwa mafungu juu ya meza, halafu kulipa kila fungu jina kwa maneno yaliyomo katika majibu yenyewe. Kama 79 imejaa, orodha haijakamilika. Na kama misimbo miwili ingemfanya mwalimu afundishe somo lile lile, hakuna sababu ya kuitenga. Hapo juu mbolea na madini vimewekwa pamoja na udongo kwa sababu hiyo: ingawa mtaalamu anaona tofauti, dawa yake ni moja.

Tuchukue darasa la kubuni la wanafunzi 40 ili kuona kinachobadilika. Kwa mwongozo wa kawaida, unaotoa alama kwa yeyote aliyeandika «hewa» au «usanisinuru», wanafunzi 13 wanapata na 27 wanakosa. Mwalimu anasema theluthi moja wameelewa, na wiki inayofuata anaurudia mlinganyo ule ule ubaoni kwa sauti kubwa zaidi. Sasa majibu hayo hayo yapewe misimbo. Wenye 10 na 11 ni 6. Wenye 73 ni 2, na wenye 74 ni 5. Udongo una 15, maji 5, jua 3, mengineyo 2, na waliyoacha wazi ni 2. Jumla ni 40 ile ile, lakini habari yake ni nyingine. Katika wale 13 waliosifiwa, 7 hawakuonyesha wazo linalotafutwa, na wawili kati yao walionyesha kinyume chake. Na katika wale 27 lipo kundi moja kubwa, la watu 15, wanaoamini jambo moja lililo wazi na linaloweza kupimwa.

Kwa hao 15 kuurudia mlinganyo hakutasaidia, kwa kuwa mlinganyo hauzungumzi na imani yao. Wanaweza kuukariri wote na bado wakadhani kwamba mbao ni udongo uliopanda juu. Linalowafaa ni mizani ya van Helmont, au jambo jepesi zaidi, maharage yaliyooteshwa kwenye pamba na maji: yakauke, yapimwe, kisha waulizwe udongo ulikuwa wapi. Hapo pana hadhari. Mche ulioota gizani, ukikaushwa, huwa na maada kavu pungufu kuliko mbegu yenyewe, maana umetumia akiba yake bila kuongeza, kwa hiyo jaribio hilo lisipowekwa kwenye mwanga kwa wiki kadhaa humkanganya mwalimu pamoja na wanafunzi. Na hata likifanikiwa, litawahamisha wengi kutoka udongo kwenda maji, yaani kutoka 70 hadi 71. Katika daftari la alama mwanafunzi huyo alikuwa na sifuri na angali na sifuri. Amepiga hatua kubwa, hatua ambayo ilimchukua van Helmont miaka mitano, na hakuna mahali popote ilipoandikwa. Wale wa 71 wanahitaji makaa na majivu, waone kwamba mti huweza kurudi hewani. Wale wa 72 wanahitaji kutenganishiwa nishati na maada, kwa sababu jua huwezesha kazi lakini halina kilo za kuupa mti.

Kundi la 74 ndilo linalozua ugomvi katika vyumba vya walimu, na ugomvi wenyewe una haki ya kuwapo. Mwanafunzi aliyeandika «usanisinuru» ametaja jina sahihi la mchakato sahihi. Kumnyima alama kunaonekana kama kumlipisha kwa ufupi wake. Lakini jina laweza kuwa ufunguo na laweza pia kuwa pazia. Mwaka 1997 ilitolewa filamu ya Kimarekani ya mafunzo ya walimu, iliyotengenezwa na kituo cha fizikia ya anga cha Harvard na Smithsonian, ambamo wahitimu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts wanapewa mbegu na gogo na kuulizwa uzito wa gogo ulitoka wapi. Wahitimu hao walikwisha kujifunza usanisinuru tangu utoto. Wanataja maji, wanataja udongo, na wanapoambiwa kwamba sehemu kubwa ilitoka kwenye hewa ya ukaa wapo wanaoona shida kusadiki. Walikuwa wamelibeba neno kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote pengine liliwapatia alama. Hapo mtu hukumbuka kwamba mficha uchi hazai. Neno la kitaalamu ni nguo nzuri ya kujifichia, na mtihani wa maneno muhimu humlipa anayejificha.

Na hapo ndipo tatizo la kimaadili linapokuwa gumu kuliko lilivyoonekana mwanzoni. Ili mwalimu aweze kuona wazo la mwanafunzi, mwanafunzi hana budi kuliandika jinsi alivyo nalo. Lakini karatasi itakayoamua nani aendelee na masomo na nani abaki humfundisha aandike jinsi anavyotakiwa. Aliye na shaka kati ya «udongo» na «hewa» ataandika neno la kitabu bila sababu, na kwa kufanya hivyo atapata alama na atakosa msaada. Hatuwezi kumlaumu. Karatasi moja haiwezi kuwa baraza la hukumu na chumba cha tabibu kwa wakati mmoja, kwa kuwa anayehukumiwa ana haki ya kunyamaza, na mgonjwa akinyamaza anajidhuru. Kwa hiyo pale misimbo inapotumika kwa uchunguzi wa kweli, mwalimu anapaswa kusema waziwazi kabla ya kugawa karatasi kwamba majibu haya hayaingii katika alama, na kisha kutimiza neno lake. Akilivunja mara moja, ataletewa «usanisinuru» mpaka mwisho wa mwaka.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa kwa mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani. Hoja hiyo ina uzito ikiwa mtu anakusudia kuupa misimbo mtihani mzima. Swali moja ni jambo jingine. Jibu la mistari miwili husomwa na kupewa msimbo kwa nusu dakika, na kwa majibu 80 hiyo ni dakika arobaini, ambazo huokoa wiki ya kufundisha jambo ambalo halikuwa tatizo.

Pingamizi zito zaidi hutoka upande mwingine: kwamba kuzisoma fikra za mtu kutoka maneno kumi na mawili ni ujuba. Mwanafunzi aliyeandika «hewa» bila zaidi, je, alimaanisha hewa ya ukaa, au ile ya kupumua, au alibahatisha? Shida hii huongezeka pale anapofikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, kama ilivyo kwa wanafunzi wa sekondari wa Tanzania wanaojibu kwa Kiingereza, na kama ilivyo kwa mtoto wa Kiswahili aliyeanza shule Birmingham mwaka jana. Anayeandika kwamba mti unakula udongo huenda ana dhana potofu, na huenda amefasiri tu namna nyumbani kwao wanavyozungumza juu ya mimea. Kiswahili chenyewe kina mitego yake. Neno «nguvu» katika mazungumzo hubeba kani, nishati na uwezo kwa pamoja, na «joto» hubeba nishati na kipimo chake. Msahihishaji asiyejua hilo atagundua dhana potofu ambazo hazimo kichwani mwa mtu yeyote.

Dawa ya shida hiyo ni ya kiutendaji na haina fahari. Majibu kadhaa husomwa na wasahihishaji wawili, kila mmoja peke yake, kisha hulinganishwa. Uzoefu wa tafiti kubwa unaonyesha kwamba watu hukubaliana kwa wepesi zaidi katika tarakimu ya kwanza kuliko ya pili, na si ajabu, kwani ni rahisi kuafikiana kwamba mtu amepotea kuliko kuafikiana amepotelea wapi. Mahali wanapotofautiana ndipo pa kutazamwa. Wakikuta kwamba mmoja alitoa 73 na mwenzake 11 kwa jibu lile lile, mara nyingi kosa ni la swali au la orodha. Ikiwa jibu halitoshi kulisomea wazo, linaachwa katika 79, na mwanafunzi anaulizwa kwa mdomo: hewa gani, na inakuwa nini ikiisha kuingia? Msimbo ni wa jibu. Haustahili kuandikwa kwenye daftari la mwanafunzi karibu na jina lake, wala kusomwa mbele ya darasa, wala kupelekwa kwa mzazi kana kwamba ni ugonjwa uliothibitishwa.

Tena hauishi muda mrefu. Mwanafunzi aliyepata 10 kwa swali la mwembe, akiulizwa baada ya mwezi kuhusu mahindi shambani, ambako mbolea inaonekana kwa macho, huweza kurudi kwenye udongo bila kuhisi mgongano wowote. Mawazo mawili hukaa ndani yake pamoja, moja la shule na moja la shamba, na kila swali huliita lile linalolingana nalo. Mwalimu anayetaka kujua ni lipi limeota mizizi itambidi aulize tena kwa mti mwingine, kwa maneno mengine, katika siku ambayo hakuna aliyetaja usanisinuru.